Tukigawa Sawa kwa Sawa, Tumetendeana Haki?

Vijana wengi hapa Nakivale wakianza biashara pamoja, neno la kwanza wanalokubaliana ni hili: "Tutagawa sawa." Linasemwa kwa moyo safi. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, kila mtu atapata sehemu yake. Lakini katika kazi yangu na vijana, ugomvi mwingi wa wenye biashara ndogo ninaoletewa unatoka kwenye neno hilohilo. Kwa hiyo nauliza swali ambalo linaonekana rahisi, kumbe si rahisi: tukigawa sawa kwa sawa, tumetendeana haki?

Nitatumia kisa kimoja. Nimegeuza mambo kidogo ili wenyewe wasitambulike, lakini hesabu iko karibu sana na ile waliyoileta mezani. Sitawapa majina. Nitawaita kwa kile walicholeta.

Walikuwa watatu, wakafungua kibanda cha kushona. Wa kwanza ni dada anayejua kushona vizuri sana, lakini hakuwa na makuta hata kidogo. Huyo ni Fundi. Wa pili alikuwa na vyerehani viwili vilivyobaki kwa familia yake, na anaijua njia ya Mbarara na maduka ya vitambaa. Huyo ni Msafiri. Wa tatu alikuwa na kazi ndogo kwenye shirika moja, akatoa shilingi 600,000 za Uganda. Zikalipa kodi ya mwanzo, meza, pasi, uzi na kitambaa cha sare za kwanza. Huyo ni Mwenye Mtaji. Yeye ndiye mkubwa kwa umri, wenzake wanamwita yaya.

Hawakuandika kitu. Walikubaliana kwa mdomo kugawa kwa tatu kila mwisho wa mwezi.

Mwezi waliouleta kwetu ulikuwa mzuri. Walishona magauni 30 ya vitenge kwa 15,000 kila moja, kitenge akileta mteja mwenyewe. Wakauza sare za shule 20 kwa 25,000, kitambaa wakinunua wao. Jumla 950,000. Walitoa 240,000 za kitambaa cha sare, 60,000 za uzi, zipu na vifungo, 60,000 za kodi, na 50,000 za nauli ya safari mbili za Mbarara. Ikabaki 540,000. Kila mmoja akapewa 180,000.

Hapo ndipo moto uliwaka. Fundi aliziweka zile noti mezani, akasema: "Yaya, sikatai kugawana. Lakini niko kwenye cherehani toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki. Wewe unakuja jioni saa moja tu, unaandika daftari, unaondoka. Tunapataje sawa?"

Mwenye Mtaji akajibu: "Dada, bila zile laki sita ungekuwa unashona wapi? Kwenye magoti?"

Na Msafiri naye: "Nyote mnasahau vyerehani ni vya nani. Sindano zinavunjika, mkanda unakatika, vinazeeka. Na siku ya kwenda Mbarara natoka usiku, narudi usiku."

Ukisikiliza ugomvi wa namna hii, jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba hakuna anayesema uongo. Kila mmoja amesema kweli, na bado hawapatani. Mimi naona sababu yake ni kwamba kila mmoja anaongelea kitu tofauti. Fundi anaongelea kazi. Mwenye Mtaji anaongelea pesa aliyoiweka na ambayo ingeweza kupotea. Msafiri anaongelea kazi na vyombo. Wamevitia vyote kwenye mfuko mmoja, kisha wakaukata mfuko vipande vitatu. Kugawa sawa hakukuangalia nani alileta nini. Kuliangalia idadi ya vichwa tu.

Wengine wanadhani sheria itakuja kumwokoa aliyefanya kazi zaidi. Hapana. Uganda ina sheria ya biashara za ubia ya mwaka 2010, na kwa jambo hili inafuata njia ya sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1890. Njia yenyewe ni hii: wabia wasipopatana vingine, faida inagawanywa sawa, na hakuna mbia anayeweza kudai mshahara kwa sababu tu alifanya kazi ya biashara yao. Maana yake mkikaa kimya, kimya chenu kinahesabiwa kuwa mmekubali sawa kwa sawa. Deni nalo ni lenu wote. Kama duka la Mbarara linawadai, linaweza kumfuata yeyote kati yenu. Sheria haisemi kwamba hiyo ndiyo haki kamili. Inasema tu, kama hamkujipangia, tunawapangia hivi.

Sasa tulifanya nini? Tulichukua zile 540,000 tukazipitisha njia nyingine. Kabla ya kuziita faida, tukauliza: kama hawa watatu wasingekuwepo, na tungewalipa watu wengine kufanya kazi hizi, tungelipa kiasi gani?

Swali hili linauma, kwa sababu kila mtu anaona kazi yake ni kubwa na ya mwenzake ni nyepesi. Ndiyo maana tuliweka sharti moja. Yeyote anayetaja bei ya kazi ya mwenzake awe tayari kuifanya mwenyewe kwa bei hiyo. Mwenye Mtaji alianza kwa kusema safari ya Mbarara ni ya 5,000 kwa siku. Msafiri akamwambia, "Sawa yaya, wiki ijayo nenda wewe kwa 5,000." Akanyamaza, kisha akasema 15,000. Walifika 20,000. Nimeona sharti hili likifanya kazi kuliko hotuba ya mzee yeyote, maana linakulazimisha ukae kwenye kiti cha mwenzako kabla ya kukipangia bei.

Kwa ushonaji waliangalia fundi wa kuajiriwa angelipwaje. Wakakubaliana kwa kipande: 5,000 kwa kila nguo. Nguo zilikuwa 50, basi Fundi ana 250,000 za kazi yake. Msafiri ana 40,000 za safari mbili, na 60,000 za kukaa mezani kila alasiri, kupima wateja na kuwabembeleza wanaochelewa kulipa. Mwenye Mtaji ana 20,000 za daftari. Vyerehani vikapewa kodi yao, 15,000 kila kimoja, yaani 30,000 kwa mwenyewe, na matengenezo madogo ni juu yake. Jumla ya hayo yote ni 400,000. Wakatenga 20,000 za akiba. Ikabaki 120,000. Hiyo ndiyo faida. Nyingine zote zilikuwa malipo ya kazi na vyombo, ila walikuwa wanaziita faida.

Jambo hili kila mbia angelijua, kwa sababu pale pesa zote zinapoitwa faida, mwenye kufanya kazi kidogo analipwa kwa jasho la mwingine bila yeyote kuona. Si lazima awe mwizi. Mwenye Mtaji hakuiba hata shilingi moja. Daftari lake lilikuwa safi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwepo, ila halikuwa na safu ya kazi. Liliandika pesa iliyoingia na iliyotoka. Saa za Fundi halikuziandika popote.

Lakini tusimkimbie Mwenye Mtaji haraka. Kama ile 120,000 ingegawanywa kwa tatu, angepata 40,000, pamoja na 20,000 za daftari. Kutoka 180,000 hadi 60,000! Alishtuka, na alikuwa na hoja. Kijana mmoja pale alimwambia, "Miezi mitatu umeshachukua 540,000, laki sita zako karibu zimerudi." Si kweli hivyo. Alichochukua ni gawio. Laki sita zake bado zimo kibandani, kwenye kitambaa, meza na kodi iliyolipwa mbele. Bado zinaweza kupotea.

Hapo tukauliza swali la pili ninalolipenda: kibanda kikiungua usiku wa leo, nani anapoteza nini? Fundi anapoteza kazi ya wiki kadhaa, lakini ufundi wake uko mikononi, moto hauuchomi. Msafiri anapoteza vyerehani. Mwenye Mtaji anapoteza pesa yote, na hana wa kumdai, kwa sababu hakukopesha. Angekuwa amekopesha, deni lingebaki hata baada ya moto. Yeye alikubali kupoteza. Huko kukubali kupoteza kuna thamani, na ndiko kunakompa haki ya faida kubwa kidogo miezi mizuri.

Jirani zetu Wasomali sokoni wanalijua jambo hili kwa jina la zamani. Katika biashara ya Kiislamu kuna mapatano yanayoitwa mudharaba. Mmoja analeta mtaji, mwingine analeta kazi. Faida wanagawana kwa sehemu waliyopatana mwanzoni, labda nusu kwa nusu, labda vingine. Hasara ikija bila uzembe wa mfanyakazi, mtaji unaibeba, na mfanyakazi anakuwa amepoteza jasho lake. Mwenye mtaji haruhusiwi kujiwekea kiasi maalum cha uhakika, kwa mfano laki moja kila mwezi, biashara ipate isipate. Huhitaji kuwa Mwislamu kuona mantiki yake. Anayetaka faida ya mbia abebe hatari ya mbia. Anayetaka uhakika aseme wazi kwamba anakopesha, alipwe deni lake, na asiguse faida.

Baada ya mazungumzo marefu walikubaliana kwamba nusu ya faida iende kwa mtaji, na nusu nyingine Fundi na Msafiri wagawane. Kwa mwezi ule Mwenye Mtaji alipata 80,000, Msafiri 160,000, Fundi 280,000, na 20,000 zikakaa akiba. Hesabu inatimia 540,000. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeondoka.

Mtihani ulikuja kwenye mwezi mbaya. Hakukuwa na sare. Magauni yalikuwa 20 tu, yaani 300,000. Uzi 25,000, kodi 60,000, nauli ya safari moja 25,000. Ikabaki 190,000. Malipo ya kazi peke yake yalikuwa 200,000: Fundi 100,000, Msafiri 80,000, daftari 20,000. Basi akiba ikatoa 10,000, vyerehani havikupata kodi, na mtaji haukupata kitu. Kwa mpango wa zamani Fundi angepata karibu 63,000 kwa nguo 20, na Mwenye Mtaji vilevile karibu 63,000 kwa jioni chache. Mwezi kama huo ndio unaoonyesha kama mtu alikubali kweli au alikubali kwa sababu mwezi ulikuwa mzuri. Mwenye Mtaji alinung'unika, lakini alisema, "Nilikubali mwenyewe."

Najua kuna wazee watakaosoma haya na kusema: ndugu hawahesabiani. Tulivuka mpaka pamoja, tukalala kwenye hema moja, leo mnaleta bei ya kila nguo? Naiheshimu hoja hii, kwa sababu ina ukweli. Nyumba ambayo mama anahesabu kila kijiko si nyumba. Lakini angalia ni nani huwa anasema "sisi ni ndugu" pale mezani. Mara nyingi ni yule ambaye hesabu ya sasa inampendelea. Aliyechoka hasemi hivyo. Undugu wa kweli ungemfanya mwenye kupata zaidi awe wa kwanza kuuliza, "Dada, unaonaje, umechoka?" Kama swali hilo haliulizwi, basi neno undugu linatumika kama kufuli.

Wengine hunitajia ule mfano wa Injili ya Mathayo, wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Waliokuja saa ya mwisho wakalipwa sawa na waliovumilia jua la kutwa. Ni mfano mzito. Lakini soma tena, pesa ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mwenye shamba. Yeye alikuwa mkarimu kwa mali yake mwenyewe, na wale wa asubuhi walipewa kile walichopatana naye. Mbia anayekuja jioni na kuchukua sawa hajafanyiwa ukarimu na mwenye shamba. Amefanyiwa na mfanyakazi mwenzake, tena bila kumwomba. Fundi akitaka kumpa mwenzake sehemu ya jasho lake, ni baraka, ampe. Ila kwanza iandikwe kwamba ni yake.

Kuna neno moja zaidi ambalo linanisumbua. Fundi alikuwa amekubali. Mwanzoni kabisa alisema ndiyo kwa sawa kwa sawa. Je, mtu aliyekubali ana haki ya kulalamika? Nadhani ndiyo, na sababu ni hii. Alikubali akiwa hana kitu mkononi. Mtu mwenye njaa anakubali masharti ambayo aliyeshiba angeyakataa. Na siku ile hakuna aliyejua kazi itakuwa kiasi gani. Walidhani kibanda kitapata nguo 10 kwa mwezi, zikawa 50. Ahadi inatufunga, ni kweli, lakini haki ya kukaa chini na kuitazama upya kazi inapobadilika ni sehemu ya ahadi yenyewe. Kosa lingekuwa kuacha kushona kimyakimya, kuharibu nguo za wateja, au kujificha na kushona pembeni kwa pesa yake. Hayo huwa yanatokea, na ndiyo dalili ya kwanza ya biashara inayokufa: wateja wa kibanda wanaanza kwenda nyumbani kwa fundi.

Mpango huu mpya nao una mipaka yake. Malipo kwa kipande yanamfanya fundi akimbie, na mishono inaanza kuachia. Wao waliweka kwamba nguo inayorudi kwa kosa la mshono inarekebishwa bila malipo. Pia hakuna kipande kinacholipia kumfundisha kijana mpya, na Fundi alipoombwa kumfundisha mmoja alisema wazi, "Saa hizo nani atanilipa?" Ilibidi waliongezee hilo pia. Kila hesabu inaona kitu na kuacha kingine, ndiyo maana walikubaliana kuipitia upya kila baada ya miezi mitatu, si kungoja hadi mtu aweke noti mezani kwa hasira.

Na kwetu wakimbizi kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengine hawalijui. Mmoja wenu anaweza kupigiwa simu kesho kwamba kesi yake imepita na anasafiri kwenda nchi ya mbali. Anaondoka na nini? Kama laini ya simu inayopokea pesa ya wateja imeandikishwa kwa jina lake, anaondoka nayo? Hawa watatu waliandika karatasi moja, kwa Kiswahili, wakaweka saini mbele ya watu wawili. Inasema vyerehani ni vya Msafiri na vitarudi kwake. Inasema mtaji uliomo utahesabiwa siku ya kuondoka, kitambaa kwa bei ya kununulia, na Mwenye Mtaji atalipwa kwa miezi sita, kwa sababu kulipa mara moja kungekiua kibanda. Inasema wateja na jina la kibanda vinabaki kwa anayebaki. Ukurasa mmoja tu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kugawa sawa ni haki pale tu mlipoleta sawa, na mmebeba hatari sawa. Nje ya hapo, sawa kwa sawa ni njia ya kukwepa kuulizana nani anafanya nini. Mlipe kazi kwanza, kisha vyombo, na kinachobaki ndicho mkiite faida, mkigawe kwa kuangalia nani angepoteza nini. Fundi bado anashona. Mwenye Mtaji sasa anakuja saa kumi badala ya jioni, amejifunza kupiga pasi na kutia vifungo, na katika daftari kuna safu mpya yenye jina lake, shilingi 500 kwa kila nguo.